Auracast ukumbini: kurusha sauti moja iwafikie wasikilizaji wengi, hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa kuhusu Auracast ni yaleyale kila wiki. Je, simu yangu itafaa? Mwisho ni watu wangapi? Mbona eafoni nilizonunua mwezi uliopita, tena za Bluetooth 5.3, hazioni kitu? Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, nimeandika kazi nzima hapa, kuanzia waya unaotoka kwenye miksa mpaka neno linapoingia sikioni mwa mtu aliyekaa safu ya nyuma.

Mfano wangu ni ukumbi wa mihadhara, kwa sababu ndio mgumu kuliko yote. Jimu na geti la uwanja wa ndege vitafuata mwishoni kwa ufupi. Ukumbi wenyewe ni wa chuo kimoja nilikofunga mitambo: viti 120, urefu mita 16 kutoka jukwaani hadi ukuta wa nyuma, upana mita 11, spika mbili mbele na ruta ya Wi-Fi juu ya mlango. Waliohitaji huduma hiyo kwanza walikuwa wanafunzi wawili wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia, pamoja na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa bado anahudhuria mihadhara ya jioni.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Bluetooth tuliyoizoea ni mazungumzo ya wawili. Simu inatuma kipande cha sauti, eafoni inajibu kwamba kimefika, na kisipofika kinatumwa tena. Auracast inafanya kazi kama redio: transmita inarusha tu, haisubiri jibu na haijui nani anasikiliza. Ndiyo maana hakuna kikomo cha wasikilizaji. Awe mmoja au wawe elfu moja, kwa transmita ni kazi ileile.

Lakini kwa kuwa hakuna anayejibu, transmita haiwezi kujua ni kipande gani kimepotea njiani. Kwa hiyo inarudia kila kipande mara kadhaa kwa kubahatisha, hata kama watu wote wameshakipata. Ukumbuke urudiaji huu, kwa sababu sehemu kubwa ya uamuzi wako itauzunguka.

La pili ni kuhusu simu. Sauti haipiti kwenye simu yako. Inatoka kwenye transmita moja kwa moja hadi kwenye eafoni. Simu ni rimoti tu: inakuonyesha orodha ya matangazo yaliyo hewani, unachagua moja, nayo inaiambia eafoni ilifuate lipi. Ukishachagua, haijalishi simu imebaki na chaji kiasi gani au ina salio kiasi gani. Intaneti haihusiki kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

*Upande wa msikilizaji.* Anahitaji eafoni au kifaa cha kusaidia kusikia chenye uwezo wa kupokea Auracast. Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Namba ya Bluetooth kwenye boksi si hakikisho. Auracast imejengwa juu ya LE Audio, njia mpya ya Bluetooth ya kusafirisha sauti, ambayo misingi yake iliingia katika Bluetooth 5.2, lakini mtengenezaji halazimiki kuiweka. Eafoni ya 5.3 au 5.4 inaweza kukosa kabisa. Usinunue mpaka uone neno "Auracast" lenyewe kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelezo. Tena soma vizuri: baadhi ya spika za kubeba zina Auracast, lakini imewekwa kwa ajili ya kuunganisha spika za kampuni hiyohiyo.

Kwa rimoti, simu nyingi mpya za Android za daraja la juu, kwa mfano za Samsung Galaxy na Google Pixel, zina menyu ya Auracast ndani ya mipangilio ya Bluetooth. Mwenye iPhone au simu ya zamani asikate tamaa mapema. Baadhi ya eafoni na vifaa vya kusaidia kusikia hutafuta matangazo vyenyewe na kuonyesha orodha kupitia programu ya mtengenezaji wake, kwa hiyo aangalie kwanza kama programu hiyo ina sehemu ya Auracast.

*Upande wako wewe unayefunga.* Unahitaji transmita, na zipo za aina mbili. Ya kwanza ni boksi la ukutani lililotengenezwa kwa ajili ya kumbi, lenye tundu la kuingiza sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa; mfano ni mfumo wa Auri wa kampuni za Ampetronic na Listen Technologies. Ya pili ni kijiti cha USB kama FlooGoo FMA120, ambacho kompyuta inakiona kama kadi ya sauti. Kijiti ni rahisi sana kwa bei na kinafaa kujifunzia, ila kinahitaji kompyuta. Ukikichomeka kwenye tundu la USB la miksa hakitafanya kazi, kwa kuwa miksa nyingi nazo zinasubiri kompyuta upande wa pili.

Ukitumia kijiti, ongeza kadi ya sauti ya USB ya kuingizia laini ya miksa kwenye kompyuta. Usitumie tundu la maiki la kompyuta. Laini ya miksa ina nguvu kupita kiasi kwa tundu hilo, na sauti itachanika hata ukishusha kitufe.

Mwisho, tafuta mtu wa pili wa kukaa viti vya nyuma wakati wa majaribio, na risiva mbili, yaani vifaa vya kupokea sauti, za kampuni tofauti. Kimoja kati ya hivyo kiwe kifaa cha kusaidia kusikia, ikiwezekana. Nitaeleza sababu katika hatua ya 3.

Hatua kwa hatua

1. Chota sauti safi kwenye miksa. Usichukue sauti ileile inayokwenda kwenye spika kubwa. Tumia njia ya AUX, na uweke humo maiki ya mhadhiri, maiki ya maswali na sauti ya kompyuta ya maonyesho, basi. AUX iwe ile inayofuata kitelezi cha sauti cha chaneli, yaani "post", ili mhadhiri anapozimiwa maiki aende chooni, azimike pia masikioni mwa watu.

Maiki ya maswali ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Anayesikiliza kwa Auracast haisikii sauti isiyopita kwenye maiki. Mwanafunzi wa safu ya tatu akiuliza kwa mdomo mtupu, wenzake watasikia swali, yeye atasikia kimya, halafu atasikia jibu lisilo na swali. Ama zungusha maiki, ama mweleze mhadhiri arudie kila swali kabla ya kulijibu.

2. Weka kiwango. Mwombe mtu aongee kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya juu. Kwenye mita ya transmita au ya kompyuta, maneno makali yaishie karibu na -6 dB, na mazungumzo ya kawaida yacheze karibu na -18. Sifuri isiguswe. Msikilizaji anaweza kuongeza sauti kwenye eafoni yake, lakini hana namna ya kurekebisha sauti iliyochanika tangu kwako.

Ukisikia mngurumo wa umeme usioisha, sababu ni ileile ya siku zote: kompyuta na miksa vimechomekwa kwenye soketi za njia tofauti. Chomeka vyote kwenye soketi moja, au pitisha laini kwenye kiboksi cha DI chenye transfoma.

3. Chagua ubora wa "Standard", na mono. Mtu wa muziki atataka kubishana nami hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Auracast ina madaraja mawili: la kawaida, ambalo sampuli zake ni 16 au 24 kHz, na la juu, 48 kHz. Kila risiva ya Auracast inalazimika kupokea daraja la kawaida. Daraja la juu ni hiari, na vifaa vingi vya kusaidia kusikia havilipokei. Ukirusha la juu peke yake, eafoni yako mpya itacheza vizuri ajabu, nawe utaondoka ukiamini kazi imekwisha. Kumbe wale uliofunga mtambo kwa ajili yao wanaona jina la tangazo lakini hawasikii neno. Hii ndiyo sababu ya kutafuta risiva mbili tofauti.

Chukua 24 kHz, mono. Kwa maongezi inatosha kabisa, maana inabeba sauti mpaka karibu na 12 kHz, mbali sana kuliko simu ya kawaida. Inaokoa hewa pia. Kwa hesabu yangu, tangazo la mono la 24 kHz lenye marudio manne linachukua kama milisekunde 2 katika kila 10. Stirio ya 48 kHz yenye marudio hayohayo inakaribia 6. Katika jengo lenye kumbi tano zinazorusha kwa pamoja, tofauti hiyo utaisikia.

4. Chagua marudio machache kwanza. Transmita nyingi hukupa uchaguzi wa "Low latency" au "High reliability". Kwa 24 kHz, ya kwanza inarudia kila kipande mara mbili na ya pili mara nne. Marudio manne yanafanya sauti isikatike ovyo, lakini yanaichelewesha.

Nilipofunga ule ukumbi mara ya kwanza niliweka "High reliability". Nani asingependa kuaminika? Mwalimu mstaafu akakaa safu ya pili, dakika tano hazikupita akaniita.

"Mwanangu, mbona huyu anasema kila neno mara mbili?"

"Unamsikia mara mbili vipi, Mwalimu?"

"Mara moja kule, mara moja humu." Akagusa sikio.

Kifaa chake kilikuwa na ncha zenye matundu, kwa hiyo sauti ya spika ilimwingia moja kwa moja, na sauti ya Auracast ikaifuata nyuma. Nilikaa chini nikapiga hesabu. Fremu ya sauti ni milisekunde 10, usafiri hewani hadi 60 kwa mpangilio ule, na risiva inasubiri 40 ili zote zicheze kwa pamoja. Jumla ni karibu 110. Kwa "Low latency", usafiri unashuka hadi 10, na jumla inakuwa karibu 60.

Sasa weka mwendo wa sauti yenyewe hewani, mita 343 kwa sekunde. Aliye mita 3 kutoka kwenye spika anaisikia baada ya milisekunde 9. Aliye ukuta wa nyuma, mita 16, anaisikia baada ya 47. Kwa hiyo kwenye "High reliability" Mwalimu alikuwa na pengo la takriban milisekunde 100, na hilo sikio linalihesabu kuwa mwangwi. Kwenye "Low latency" pengo lake ni kama 50, na la mtu wa nyuma ni kama 13, ambalo halitambuliki. Nilibadilisha mpangilio na kumhamishia Mwalimu safu ya sita. Malalamiko yakaisha.

Angalia jambo lililo kinyume na mazoea: wa mbele ndiye anayesumbuliwa na mwangwi zaidi ya wa nyuma. Tumezoea kuwaketisha mbele watu wenye shida ya kusikia. Kwa Auracast, katikati ya ukumbi ni pazuri zaidi, isipokuwa kama mtu anasoma midomo, na huyo muulize mwenyewe.

Basi anza na "Low latency". Mkatiko utakaojitokeza utibu kwa kuhamisha transmita, kama hatua ya 6 inavyoeleza, kabla hujafikiria kuongeza marudio.

5. Ukitumia kompyuta, dhibiti ucheleweshaji wake. Hesabu yote ya hapo juu inaharibika kama kompyuta inaongeza ucheleweshaji wake katikati. Kwenye Windows, kisanduku cha "Listen to this device" kinapitisha sauti kutoka kwenye kadi ya kuingizia hadi kwenye kijiti, lakini kinachelewesha kwa kiasi unachokisikia wazi. Kinafaa kwa majaribio, hakifai kwa mhadhara. Kwenye Linux unaweza kutaja kiwango mwenyewe:

```
pactl load-module module-loopback latency_msec=20
```

Ukiacha kutaja namba, PulseAudio hutumia milisekunde 200, na hapo hakuna mpangilio wa transmita utakaokuokoa. Sauti ikikwaruza kwa 20, panda hadi 30 au 40, usiende mbali zaidi. Transmita ya ukutani haina tatizo hili, na kwa ukumbi unaotumika kila siku ndiyo ningependekeza.

Kabla ya kuondoka kwenye kompyuta, zima taarifa zote zenye mlio na uifanye isilale. Mlio wa ujumbe unaoingia utasikika masikioni mwa watu wote.

6. Panda juu na transmita. Mawimbi ya 2.4 GHz hayapendi maji, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa. Ukumbi mtupu utakudanganya. Tuliweka kijiti mezani kwa mhadhiri, tukatembea mpaka ukuta wa nyuma, sauti safi. Siku ya mhadhara, viti 120 vimejaa, safu tatu za nyuma zikaanza kupata maneno nusu. Na kwa sababu hakuna risiva inayojibu, hakuna taa wala ujumbe wa kukuambia kwamba kuna tatizo.

Tiba ilikuwa waya wa USB wa kurefushia wa mita 3 na kipande cha mkanda. Kijiti kikapanda ukutani mpaka kimo cha mita 2.5, juu ya vichwa vyote, kikiangalia viti. Safu za nyuma zikarudi bila kugusa mpangilio wowote. Kwa transmita ya ukutani chagua mahali penye mwonekano wa wazi hadi kila kiti, mbali na chuma na nguzo za zege.

Iweke mbali na ruta ya Wi-Fi pia, mita mbili au zaidi. Kama ruta ni yako, hamishia vifaa vya ukumbi kwenye 5 GHz, ili 2.4 ipumue.

7. Lipe tangazo jina linaloeleweka. Jina linaruhusiwa kuwa na herufi 4 hadi 32. Usiache lile la kiwandani. Andika mahali na maudhui: `Ukumbi B - Mhadhara`. Ukiwa na tafsiri, rusha matangazo mawili, `Ukumbi B - Kiswahili` na `Ukumbi B - English`, na kama mtambo una sehemu ya lugha, jaza misimbo ya herufi tatu, `swa` na `eng`. Skrini nyingi ndogo zinakata jina katikati, kwa hiyo kinachotofautisha kije mapema.

8. Amua kama unahitaji nywila. Mhadhara wa wazi usiwekewe; kila kizuizi kinampunguza mtu mmoja. Kikao cha ndani lazima kiwekewe, kwa sababu mawimbi haya yanapenya kuta na mtu aliye korido anaweza kusikiliza bila wewe kujua. Nywila inaweza kuwa na herufi 4 hadi 16. Tumia zote 16 zikiwa za kubahatisha, maana fupi inaweza kuvunjwa na mtu aliyerekodi mawimbi na kwenda kuyajaribu nyumbani kwa utulivu. Iandike kwenye msimbo wa QR mlangoni, na uibadilishe baada ya kikao.

9. Mwongoze msikilizaji. Bandika karatasi hii mlangoni, kwa maandishi makubwa:

1. Vaa eafoni zako zikiwa zimeungana na simu yako kama kawaida.
2. Fungua mipangilio ya Bluetooth, gusa jina la eafoni, hakikisha swichi ya "LE Audio" imewashwa kama ipo.
3. Tafuta neno "Auracast" au "Audio sharing" hapohapo, au katika programu ya eafoni, kisha subiri orodha.
4. Gusa jina la ukumbi. Ikiombwa nywila, iandike au piga picha msimbo wa QR.
5. Kama unasikia kila neno mara mbili, sogea katikati ya ukumbi.

Namba 2 ndiyo inayokwamisha wengi. Eafoni nyingi zinauzwa LE Audio ikiwa imezimwa, na nyingine zinahitaji programu yake isasishwe kwanza. Mwambie mtu afanye hivyo nyumbani, siyo dakika mbili kabla ya mhadhara.

10. Jaribu ukumbi ukiwa umejaa watu. Mtu wako wa pili akae kila pembe kwa dakika mbili na kuandika anachosikia. Ukishindwa kuwapata watu 120, angalau mfanye ajaribu huku ameipa transmita mgongo, eafoni ikiwa upande wa pili wa kichwa. Pakipita hapo, patapita siku yenyewe.

Jimu na uwanja wa ndege

Jimuni kila runinga ina tangazo lake, na jina liwe namba iliyobandikwa chini ya runinga, kwa mfano `TV 4 - Mpira`. Mwangwi haupo, kwa kuwa runinga zenyewe ziko kimya. Kinachosumbua ni midomo kutangulia maneno. Jaribu "Low latency" kwanza, na kama runinga ina mpangilio wa kuchelewesha sauti, uwe sifuri. Watu wanatembea, wanalala kwenye mabenchi, wanageuka, kwa hiyo transmita ziwe darini. Hapa pia mono inatosha. Runinga nane za stirio ya 48 kHz katika chumba kimoja zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

Getini kwenye uwanja wa ndege ni kinyume. Tangazo likichelewa kwa milisekunde 100 hakuna anayejali, kwa hiyo weka "High reliability" bila wasiwasi. Kazi ngumu ni majina na mipaka. Abiria wa geti 12 anaona pia geti 11 na 13 kwenye orodha, basi namba ya geti ije mwanzo wa jina, na nguvu ya transmita ishushwe isivuke sana eneo la viti vyake. Acha tangazo wazi, bila nywila. Msikilizaji naye ajue kwamba akihama geti lazima achague upya. Matangazo ya dharura yaendelee kupita kwenye spika za jengo kama zamani. Usimruhusu yeyote azime spika eti kwa sababu kuna Auracast, kwani wengi getini hawatakuwa na risiva.

Mambo yakikataa

*Jina halionekani kwenye orodha.* Kwanza thibitisha kama transmita inarusha kweli. Weka programu ya nRF Connect kwenye simu mpya ya Android, tafuta, na uangalie vifaa vinavyotangaza `0x1852` na `0x1856`. Ya kwanza inasema kuna tangazo la sauti, ya pili inasema ni tangazo la hadhara. Ukiona ya kwanza bila ya pili, kwenye transmita kuna swichi ya "Public" uliyoiacha, na risiva nyingi huliruka tangazo kama hilo. Ukiziona zote mbili, shida iko upande wa msikilizaji: rudi kwenye swichi ya "LE Audio".

*Jina linaonekana, sauti hakuna.* Jaribu kwa risiva mbili. Zikinyamaza zote, sauti haiingii kwenye transmita. Angalia mita ya hatua ya 2, na kama ni kompyuta, hakikisha imechagua kijiti kuwa njia ya kutolea sauti. Ikinyamaza moja tu, tazama ubora: huenda umerusha daraja la juu. Kama kuna nywila, ifute na kuiandika upya. Herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa tofauti, na risiva nyingine hazisemi kwamba nywila ni mbaya, zinanyamaza tu.

*Inakatika kwa mtu mmoja.* Muulize kama eafoni zake zimeungana na vifaa viwili kwa wakati mmoja. Simu ikiita, eafoni nyingi zinaacha tangazo ziipokee, na baadhi hazirudi zenyewe. Achague tangazo upya.

*Inakatika kwa watu wa eneo moja.* Kuna kitu kati yao na transmita, au ruta iko juu yao. Pandisha transmita. Ikishindikana, ongeza transmita ya pili yenye jina lake, kama `Ukumbi B - Nyuma`. Kuongeza marudio kuwe la mwisho, na ukifanya hivyo rudi ukawasikilize watu wa safu za mbele.

*Kuna matangazo mawili yenye jina moja.* Hakuna kinachomzuia mtu mwingine kutumia jina lako. Zima transmita yako kwa nusu dakika na kusasisha orodha. Jina likibaki, lililobaki si lako. Mara nyingi ni ukumbi wa jirani ulionakili mpangilio wako, na kubadilisha herufi moja kunamaliza. Kama hujampata mwenye nalo, badili jina, weka nywila, na uchapishe msimbo mpya wa QR kabla watu hawajaingia.